Friji ambayo haikuwepo: jinsi watu wanavyohesabu vitu ambavyo mashine imejitungia

Nina rafiki asiyeona, tumejuana miaka mingi, na kwa muda sasa anatumia programu ya simu ambayo ukiielekezea picha inakusomea kilichomo. Siku moja alitumiwa picha ya jiko la nyumba aliyokuwa anafikiria kupanga, programu ikamsomea vizuri tu, jiko safi lenye sinki, oveni na friji, akafurahi manake friji ilikuwa kwenye hesabu zake, akapiga simu kwa mwenye nyumba kuongelea bei. Katika maongezi akataja friji. Mwenye nyumba akashangaa, friji gani? Rafiki yangu akanitumia mimi ile picha niiangalie. Sinki lipo, oveni ipo, kuna kikombe kimewekwa karibu na bomba, kuna dirisha. Friji hakuna. Wala hakuna kitu kinachofanana na friji, si kabati jeupe, si mlango wa chuma, hakuna kabisa.

Aliniuliza swali ambalo lilinikaa kichwani wiki nzima: "Sasa ndugu yangu, kama hiyo friji imeitunga, mi nitajuaje kwamba sinki hajaitunga?"

Nikaanza kusoma. Kumbe hili jambo lina jina kabisa, watafiti wanaliita maruweruwe ya vitu, yaani mashine inapotaja kitu ambacho kwenye picha hakipo. Siyo kukosea rangi, siyo kuita koti shati, ni kutaja kitu kizima ambacho hakimo. Na kuna watu wamekaa wakatengeneza namna ya kulipima, na hapo ndipo nataka tukae leo, manake nilipoelewa kipimo ndipo nikaelewa pia kwa nini swali la rafiki yangu ni gumu kuliko linavyosikika.

Kabla ya 2018 watu walikuwa wanapima kapsheni za mashine, yaani zile sentensi za kuelezea picha, kwa kuzilinganisha na kapsheni za watu. Ile seti kubwa ya picha inayoitwa COCO, iliyotoka 2014, kila picha ina kapsheni tano zilizoandikwa na watu tofauti, kwa hiyo unachukua sentensi ya mashine unaangalia maneno yake na mafungu ya maneno yake yanagongana kiasi gani na zile tano. Kipimo maarufu cha aina hiyo ni CIDEr. Ukiangalia haraka unaona ni sawa tu. Ila fikiria ile picha ya jiko. Watu wameandika "jiko lenye sinki na oveni karibu na dirisha", mashine ikaandika "jiko lenye sinki na oveni karibu na friji". Karibu sentensi nzima imegongana, neno moja tu la mwisho ndo tofauti, kwa hiyo maksi zinakuja nzuri. Mashine nyingine ikaandika kwa kubabaika "chumba chenye bomba la maji na mahali pa kupikia", ambayo ni kweli tupu, haina uongo hata kidogo, lakini inapata maksi mbovu kwa sababu maneno hayafanani na ya watu. Yaani kipimo kinampa zawadi anayesema uongo kwa lugha nzuri na kumwadhibu anayesema kweli kwa maneno yake mwenyewe.

Anna Rohrbach na wenzake ndo walioliweka hili wazi kwenye karatasi yao ya 2018, waliyoipeleka kwenye EMNLP, mkutano wa watafiti wa lugha na kompyuta. Walileta kipimo wanachokiita CHAIR, na uzuri wake ni kwamba hata mtu asiyejua hesabu anaweza kukifanya kwa kalamu. Hakiulizi kama sentensi ni nzuri. Kinauliza kitu kimoja tu: vitu ulivyovitaja, vipo?

Wanaijuaje "vipo"? Ni kwa sababu picha za COCO zimeshachorwa na watu, kila kitu kilicho kwenye orodha ya aina 80 kimezungushiwa mstari kwenye picha, mtu, mbwa, kiti, friji, kijiko, basi na kadhalika. Kwa hiyo kwa kila picha una orodha ya vilivyomo. Kisha wanaongezea na vitu vilivyotajwa kwenye zile kapsheni tano za watu, kwa sababu mchoraji anaweza kuruka kitu ambacho mwandishi alikiona, ukiunganisha pande mbili unapunguza kuonea mashine. Halafu wanachukua kapsheni ya mashine, wanatoa kila neno ambalo ni mojawapo ya zile aina 80 au kisawe chake, mfano neno lenye maana ya mtoto au mwanamke au mchezaji yote yanahesabika kuwa "mtu", wanalinganisha. Kilichotajwa na hakimo kwenye orodha, ni maruweruwe.

Namba zenyewe ni mbili:

```
CHAIRi = vitu vya uongo vilivyotajwa / vitu vyote vilivyotajwa
CHAIRs = sentensi zenye kitu cha uongo / sentensi zote
```

Ile ya kwanza inahesabu kwa vitu, ya pili kwa sentensi. Namba ikiwa ndogo ndo vizuri.

Nilikaa nikafanya kwa mkono nione inavyotembea, na nawaonyesha hapa kwa picha tano tu. Picha ya kwanza ni lile jiko, mashine imetaja sinki, oveni, friji, vitu vitatu, kimoja cha uongo. Ya pili, "mbwa amelala kando ya benchi", vitu viwili vyote vipo. Ya tatu, "mwanaume amekaa kwenye kiti anatumia laptopu, pembeni kuna kikombe", hapo kuna mtu, kiti, laptopu, kikombe, vinne, na kikombe hakipo. Ya nne, "basi limesimama karibu na gari", viwili vyote vipo. Ya tano, "meza ya kulia yenye bakuli, uma, kisu na kijiko", vitano, na kwenye picha kuna meza, bakuli na uma tu, kisu na kijiko havipo.

Jumlisha sasa. Vilivyotajwa ni 3 na 2 na 4 na 2 na 5, jumla 16. Vya uongo ni 1 na 1 na 2, jumla 4. Kwa hiyo CHAIRi ni 4 kwa 16, asilimia 25. Sentensi zenye uongo ni tatu kati ya tano, CHAIRs ni asilimia 60.

Angalia hizo namba mbili zilivyo mbalimbali na ni mashine ileile, picha zilezile. Ukimwambia mtu "robo ya vitu inavyotaja ni uongo" anaweza kusema aah, robo tatu ni kweli, si mbaya. Ukimwambia "kila maelezo matano unayosomewa, matatu yana kitu cha kutungwa" anaizima simu. Mi naona kwa mtu kama rafiki yangu ile ya pili ndo yenye maana zaidi, kwa sababu yeye hasikilizi vitu kimoja kimoja, anasikiliza sentensi nzima na anatoka nayo akiwa na picha moja kichwani, na kitu kimoja cha uongo kinatosha kumfanya apige simu kuulizia friji.

Rudi sasa kwenye vile vya uongo uviangalie ni vitu gani. Friji jikoni. Kikombe karibu na laptopu. Kisu na kijiko karibu na uma. Hakuna hata kimoja cha ajabu! Mashine haijasema kuna tembo jikoni. Imesema kitu ambacho kwa kawaida kingekuwepo. Hii mifano mitano nimeichagua mimi ionekane wazi lakini ndivyo ilivyo pia kwenye kapsheni za kweli, na ndo sehemu iliyonishika kuliko zote.

Modeli ya kapsheni, yaani ile mashine inayoandika maelezo ya picha, ina sehemu mbili zinazofanya kazi pamoja, moja inaangalia picha na nyingine inaunda sentensi neno baada ya neno. Inayounda sentensi imesoma kapsheni nyingi sana wakati wa mafunzo, na imejifunza mazoea ya lugha, kwamba ukishasema jiko, sinki, oveni, basi friji iko njiani. Wakati mwingine mazoea hayo yanakuwa na nguvu kuliko macho. Kundi la Rohrbach walilipima hili kwa njia ambayo mi naiona ya akili sana: walichukua modeli ya lugha peke yake, inayobahatisha neno linalofuata bila kuona picha, wakaipa mwanzo wa sentensi ile, wakaangalia neno gani ingetabiri. Kisha wakaangalia, yale makosa ya modeli ya kapsheni yanafanana na makosa ya nani, ya yule aliyeangalia picha vibaya au ya yule anayebahatisha kwa mazoea ya maneno? Wakakuta zile modeli zinazotunga vitu sana, makosa yao yanaelekea kufanana na ya modeli ya lugha. Yaani imefika kwenye "na..." halafu ikamalizia kwa mazoea, kama mtu anayekumalizia sentensi yako kabla hujasema.

Na kuna jingine waliloligundua ambalo linauma. Wakati huo ilikuwa kawaida kuchukua modeli ukaifunza moja kwa moja kupandisha maksi za CIDEr, na kweli maksi zilipanda, makaratasi yakatoka. Wao wakapima CHAIR kwenye hizohizo wakaona maruweruwe nayo yanaongezeka. Kwenye jedwali modeli inaonekana imekuwa bora, na kwa mtu anayeisikiliza haiaminiki tena kama mwanzo. Hakuna aliyedanganya hapo, walikuwa wanapandisha namba waliyoiamini, ila namba haikuwa na jicho la kuona friji.

Sasa nisije nikawafanya muione CHAIR kama mizani isiyopinda. Ina matobo, na ukiijua vizuri unayaona.

La kwanza ni rahisi sana: mashine inaweza kupata sifuri kwa kunyamaza. "Picha ya chumba." Haijataja kitu hata kimoja cha ile orodha, haina uongo, CHAIR inatoka safi. Kwa asiyeona haina msaada wowote. Na upande wa pili, ukiomba maelezo marefu, aya nzima, CHAIRs inapanda karibu lazima, manake aya yote inahesabiwa kama kapsheni moja, na sentensi kumi zina nafasi nyingi za kuteleza kuliko moja. Ndo maana ukiona mtu amelinganisha modeli mbili kwa CHAIR bila kukuambia maelezo yalikuwa marefu kiasi gani na waliombwa kwa maneno gani, hujaambiwa kitu. Modeli ileile ukibadilisha tu namna ya kuomba, namba inabadilika sana.

La pili ni ile orodha ya 80. Kitu kisichomo kwenye orodha CHAIR haikioni, iwe kipo au hakipo. Friji imo, basi tunaikamata. Dirisha halimo. Pazia halimo. Mlango haumo. Mashine ikimwambia rafiki yangu kuna mlango upande wa kushoto wakati ni ukuta, CHAIR inasema sawa, songa mbele. Baadaye kuna watu wametengeneza vipimo vya kufungua hiyo orodha, mfano OpenCHAIR, ambapo kitu chochote kinaweza kuhesabiwa, lakini hapo unahitaji modeli nyingine ya kuamua kama kipo, na huyo mwamuzi naye anaweza kukosea.

La tatu ni maneno yenyewe. CHAIR inatafuta maneno, haielewi sentensi. Mashine ikiandika "hakuna mbwa kwenye picha", neno mbwa limeonekana, linahesabiwa kama limetajwa. Kwa Kiingereza neno la chungwa ni hilohilo la rangi, na chungwa limo kwenye orodha ya 80, kwa hiyo shati la rangi hiyo linaweza kugeuka kuwa tunda. Nilipojaribu kuandaa orodha ya visawe kwa Kiswahili nikagonga ukuta mapema kabisa kwenye neno ndege. Kwenye COCO kuna aina ya ndege wa manyoya na kuna aina ya ndege ya abiria, vitu viwili tofauti, na sisi tuna neno moja. "Ndege imetua" na "ndege ametua", tofauti iko kwenye kiambishi cha kitenzi, siyo kwenye jina, kwa hiyo programu inayotafuta majina tu haiwezi kujua. Halafu nikafika kwenye tai. Tai ya shingoni imo kwenye ile orodha ya 80. Tai wa angani ni ndege. Mashine ikiandika "tai" kwenye picha ya mwanaume mwenye suti na programu yako ikaelewa ni ndege, umemhesabia uongo aliyesema kweli. Kuna na wingi, kiti viti, mtu watu, kijiko vijiko, mabadiliko yako mwanzoni mwa neno, kinyume na Kiingereza kilicho na s ya mwisho, kwa hiyo hata ile hatua ndogo ya kurudisha neno kwenye umoja lazima uiandike upya. Sijasema haiwezekani, inawezekana kabisa, ila ukichukua kipimo cha lugha moja ukakitafsiri orodha tu ukaanza kutangaza asilimia, utakuwa unapima makosa ya orodha yako pamoja na makosa ya mashine na hutajua lipi ni lipi.

Zilipokuja modeli kubwa za lugha zilizowekewa macho, zile unazoweza kuongea nazo kuhusu picha, haya matatizo ya CHAIR yakawa makubwa zaidi kwa sababu zinaongea sana. Ndo mwaka 2023 Yifan Li na wenzake wakaleta njia nyingine inayoitwa POPE. Wazo lake ni kuacha kuchambua insha ya mashine na badala yake kuiuliza swali la ndiyo au hapana: je, kuna friji kwenye picha hii?

Walichukua picha 500 za COCO zenye vitu zaidi ya vitatu, kila picha maswali sita, matatu jibu lake ni ndiyo na matatu ni hapana. Utamu uko kwenye yale matatu ya hapana, unachagua vipi kitu ambacho hakipo? Wakafanya kwa njia tatu. Ya kwanza unachagua kitu chochote kisichopo, kwa bahati nasibu. Ya pili unachagua vitu vinavyoonekana mara nyingi kwenye seti nzima lakini kwenye picha hii havipo. Ya tatu ndo ya mtego, unachagua kitu ambacho kwa kawaida huandamana na vilivyopo, yaani kuna sinki na oveni, basi uliza friji. Na matokeo yakaonyesha kilekile tulichokiona, maswali ya bahati nasibu mashine zinafanya vizuri zaidi, ukifika kwenye mtego zinashuka. Iliyo nzuri kati yao ukiiuliza kama kuna tembo jikoni itakujibu hapana vizuri tu. Uliza friji uone.

Kuna namba moja kwenye POPE ambayo watu wanairuka na mi naona ndo ya kuanza nayo, ni asilimia ya mara ambazo mashine imejibu ndiyo. Maswali nusu ni ndiyo nusu ni hapana, kwa hiyo mashine inayoangalia inatakiwa iwe karibu na 50. Wao walikuta baadhi ya modeli za wakati ule zinajibu ndiyo karibu kila swali. Sasa fanya hesabu hii: mashine inayosema ndiyo kwa kila kitu, bila kuangalia picha kabisa, usahihi wake ni asilimia 50, sawa na kurusha sarafu. Lakini vitu vyote vilivyopo imevitaja, hapo ina asilimia 100. Na kwenye ndiyo zake zote nusu ndo kweli, asilimia 50. Ukichanganya hizo mbili kupata ile alama inayoitwa F1, ambayo ni mara mbili ya zao lake kugawa kwa jumla yake, unapata kama 66.7. Mtu akiona 66.7 kwenye jedwali anaweza kudhani mashine inaona kiasi fulani. Haioni chochote, inakubali tu kila unachosema. Na kwa maisha ya kawaida hii ni hatari yake peke yake, kwa sababu rafiki yangu akishuku kitu huwa anauliza tena, "kuna friji kweli?", na mashine ya kukubali kila kitu itamjibu ndiyo, naye atadhani amehakikisha.

Na hata POPE haijasalimika, manake majibu yake sahihi yanatoka kwenye michoro ya COCO, na wachoraji walikuwa watu, walichoka, waliruka vitu. Mwaka 2025 kuna watafiti walirudi wakakagua upya majibu ya POPE picha kwa picha, wakaita RePOPE, wakakuta makosa yapo ya kutosha kiasi kwamba mpangilio wa modeli nani wa kwanza nani wa pili unabadilika ukisahihisha. Mimi mwenyewe kwenye hesabu zangu za mkono za picha nyingine nilishamhesabia mashine uongo wa kikombe, nikarudi baadaye nikakuza picha, kikombe kipo, nusu yake imejificha nyuma ya skrini. Siku hizi kila ninachokiita uongo nakikagua mara ya pili kwa kukuza picha kabla sijakiandika.

Haya, nilimpelekea rafiki yangu yote haya, nikamwelezea namba, akasikiliza mpaka mwisho kwa utulivu. Akasema, "Nimekuelewa, ila wewe unaniambia asilimia ya picha nyingi. Mi nataka kujua kwenye hii moja." Na hapo alikuwa amegusa kitu ambacho CHAIR na POPE hazikijibu kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili yake. Zinapima modeli, hazipimi sentensi uliyoisikia sasa hivi. Ukijua mashine ina CHAIRi ya asilimia 10 bado hujui katika vitu sita ulivyosomewa leo kipi ni cha uongo. Mwenye macho anajua papo hapo kwa kutupa jicho. Asiyeona hana hilo jicho, na ndiye anayetegemea kapsheni kuliko mtu yeyote.

Kuna utafiti wa 2017 wa Haley MacLeod na wenzake kuhusu watu wasioona na kapsheni za mashine kwenye picha za mitandao. Walikuta kwamba watu wanaziamini sana kapsheni hizo, hata pale ambapo kapsheni haiendani na maandishi yaliyokuja na picha, badala ya kusema mashine imekosea, mtu anajitungia hadithi ya katikati inayounganisha hivyo viwili. Nilipoisoma hiyo nikaelewa kwa nini rafiki yangu hakushuku. Si kwamba hajui mashine hukosea, anajua sana. Ni kwamba uongo wenyewe ulikuwa unaendana na dunia, friji jikoni, nani ataishuku friji jikoni? Kile kinachoisababisha mashine itunge ndo hichohicho kinachomfanya msikilizaji akubali, mazoea ya wote wawili yanafanana. Utafiti huo pia ulionyesha kwamba namna kapsheni inavyosema uhakika wake inabadilisha imani ya watu, ukiiandika ili kuonyesha uwezekano wa kukosea watu wanakuwa waangalifu zaidi. Programu ya rafiki yangu haisemi hivyo, friji na sinki zinasomwa kwa sauti ileile, uhakika uleule.

Tukajaribu kutengeneza njia yetu wenyewe. Tulikuwa na vidokezo viwili kutoka kwa watafiti wengine wa 2023 waliochunguza maelezo marefu: vitu vya kutungwa huwa vinakuja zaidi kuelekea mwisho wa maelezo, na huwa vinatokea pale ambapo modeli ndani yake haina uhakika na neno. Hilo la pili mtumiaji haoni, liko ndani ya mashine. La kwanza analisikia. Kwa hiyo akaanza kuvichukulia vitu vya mwanzoni kwa uzito na vya mwishoni kwa mkono mwepesi. Cha pili tulichofanya, anaomba maelezo ya picha ileile mara tano, kila mara upya kabisa, si kuendeleza maongezi yaleyale, halafu anahesabu kwa vidole. Kitu kilichotajwa mara zote tano anakibeba. Kilichotajwa mara moja anakiacha au anauliza mtu.

Imesaidia, hilo naliona kwa macho yangu. Kwenye picha ya mtu na laptopu, kikombe kilikuja mara mbili tu kati ya tano, akakiacha, na kweli hakipo. Kwenye picha ya meza kijiko kilikuja mara moja.

Halafu tukarudi kwenye ile picha ya jiko tuliyoanzia nayo. Sinki mara tano. Oveni mara tano. Kile kikombe cha karibu na bomba, ambacho kipo kabisa, mara moja tu. Na friji mara nne. Aliponiuliza nimwambie ni ngapi nilimwambia hivyohivyo, nne, akakaa kimya kidogo halafu akaniomba nimsomee tena vitu vilivyopo, nikamsomea, kimoja kimoja.